Mafuta yaliyoonekana kupungua: uchambuzi wa mauzo ya Machi 2025 kwa Excel

Kisa hiki kinahusu duka la jumla na rejareja mjini Morogoro, lenye aina kama 180 za vyakula na bidhaa za nyumbani. Ni duka la mfano. Takwimu zake tumezipanga sisi ili hesabu zifuatike kirahisi, ila makosa yaliyomo ni yale yale yanayokutwa kwenye mafaili ya maduka mengi. Programu ya mauzo inatoa faili la Excel kila mwisho wa mwezi likiwa na kolamu za tarehe, bidhaa, kipimo, idadi, bei na jumla. Leo ni tarehe 31 Machi 2025. Mwenye duka ameshatengeneza jedwali la mauzo ya Januari, Februari na Machi, na kwa kulitazama amefikia mambo matatu: apunguze mafuta ya kula ya lita 5 kwa sababu yameshuka, arudie ofa ya sabuni ya unga kwa sababu ilipandisha mauzo, na aongeze juisi za pakiti kwa sababu Machi zimetoka sana.

Yote matatu si sahihi, ingawa jumla za jedwali lake ziko sawa kabisa. Tatizo ni kwamba jedwali linaonyesha kilichouzwa, naye amelisoma kana kwamba linaonyesha kilichotakiwa na wateja.

Kabla ya hesabu: tarehe, majina na vipimo

Usafi wa data hauna raha, lakini kuna mambo matatu ambayo yakipita bila kuonekana huharibu kila kinachofuata.

La kwanza ni tarehe. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Kimarekani husoma 03/04/2025 kuwa tarehe 4 Machi, wakati muuzaji alimaanisha tarehe 3 Aprili. Tarehe zenye siku zaidi ya 12, mfano 25/03/2025, haziwezi kusomwa hivyo, kwa hiyo Excel inaziacha kama maandishi. Dalili yake ni rahisi: kwenye kolamu moja, tarehe nyingine zimeegemea kulia na nyingine kushoto. Jaribio la uhakika ni `=ISNUMBER(A2)`. Ikitoa FALSE, hiyo ni maandishi. Usizirekebishe zile za kushoto peke yake, maana za kulia nazo zimeshageuzwa siku na mwezi bila kukuambia. Rudi kwenye faili la asili, chagua kolamu ya tarehe, nenda Data > Text to Columns, na kwenye hatua ya mwisho uchague Date: DMY.

Tarehe zina mtego mwingine. Programu nyingi za mauzo huandika na saa. Kwenye skrini unaona 14/03/2025, kumbe ndani ya seli kuna 14/03/2025 saa 9:20 alasiri. Ukitafuta mauzo ya tarehe 14 kwa SUMIFS unapata sifuri, kwa sababu kwa Excel hizo ni namba mbili tofauti. Ongeza kolamu yenye `=INT(A2)`, uipe mwonekano wa tarehe, uiite Siku, na utumie hiyo.

Majina yanataka subira tu: "Sabuni unga 500g" na "sabuni ya unga 500 g" ni bidhaa moja kwako na mbili kwa Excel. Tengeneza orodha moja ya majina sahihi, halafu badilisha yaliyobaki kwa Find & Replace. TRIM huondoa nafasi zilizozidi mwanzoni na mwishoni, ambazo macho hayazioni.

Vipimo ndivyo hudanganya zaidi. Muuzaji wa jumla anaandika idadi 2 akimaanisha katoni mbili, wa rejareja anaandika 2 akimaanisha pakiti mbili. Ili kuwakamata, weka kolamu ya jumla gawanya kwa idadi, kisha panga kwa kila bidhaa kutoka ndogo kwenda kubwa. Sabuni ya pakiti inayouzwa shilingi 2,500 haiwezi kuwa na mstari wa shilingi 29,000 kwa moja. Hiyo ni katoni ya pakiti 12. Badilisha mistari yote iwe kwa kipande, na idadi uizidishe ipasavyo.

Baada ya hapo chagua data yote, bonyeza Ctrl+T, na jedwali uliite Mauzo. Ongeza kolamu ya faida, yaani jumla toa bei ya kununulia mara idadi, kisha tengeneza PivotTable inayopanga bidhaa kwa faida, si kwa mauzo. Kwenye duka letu bidhaa 22 za juu zinaleta karibu robo tatu ya faida yote. Hizo ndizo zinazostahili uchambuzi wa siku kwa siku. Nyingine zaidi ya 150 zitazamwe kwa jambo moja tu: kipi kimekaa muda mrefu bila kutoka.

Mafuta: siku za kuuza dhidi ya siku za kalenda

Madumu ya lita 5 yaliuzwa 118 Januari, 112 Februari na 84 Machi. Mwenye duka anaona mshuko wa robo nzima kutoka Februari hadi Machi. Inashangaza, kwa kuwa Ramadhani ya mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi na ikaujaza karibu mwezi wote, na huo ni msimu wa futari, sambusa na kukaanga kila jioni. Namba inayokwenda kinyume na unavyolijua soko lako iulize kwanza kabla ya kuitii.

Kwa kila bidhaa muhimu, fungua shiti yenye mstari mmoja kwa kila siku ya mwezi. Kolamu A ni tarehe, B ni mauzo ya siku, C ni mzigo ulioingia, D ni mzigo uliokuwepo asubuhi, na E ni jumla ya C na D, yaani mzigo wote uliokuwa ukiuzika siku hiyo. Jina la bidhaa liandike kwenye seli H1. Mauzo ya kila siku yanavutwa hivi:

```
=SUMIFS(Mauzo[Idadi],Mauzo[Bidhaa],$H$1,Mauzo[Siku],A2)
```

Mzigo wa asubuhi wa siku ya pili, kwenye D3, ni `=E2-B2`, na fomula hiyo unaiburuta hadi chini. D2 inatoka kwenye hesabu ya stoo ya siku ya kwanza; hapo hapana njia ya mkato, lazima mtu ahesabu madumu. Kama baki ikienda chini ya sifuri mahali fulani, usiifute. Inakuambia kwamba kuna mzigo uliingia bila kuandikwa, au kuna katoni iliyosomwa kama dumu. Kosa hilo litafute tarehe hiyo hiyo au siku chache kabla yake.

Kwa mafuta, shiti inaonyesha kwamba Machi mzigo uliisha mara tatu, na duka likakaa bila mafuta siku 13. Siku zenye mzigo zilikuwa 18. Kwa hiyo wastani wa kweli ni huu:

```
=SUM(B2:B32)/COUNTIF(E2:E32,">0")
```

Madumu 84 kwa siku 18 ni 4.7 kwa siku. Februari duka halikuishiwa, na 112 kwa siku 28 ni 4.0. Januari nayo, 118 kwa siku 31, ni 3.8. Mahitaji ya mafuta yalipanda Machi, wala hayakushuka. Kilichoshuka ni uwezo wa duka kuyatimiza. Kwa kasi hiyo, siku 13 zilizopotea ni sawa na madumu kama 61. Kwa faida ya shilingi 2,500 kwa dumu, ni karibu shilingi 152,000. Hicho ni kiwango cha juu, kwa sababu wateja wengine walisubiri wakarudi mzigo ulipofika. Lakini mteja aliyekosa mafuta huenda akanunua na unga na sukari kwenye duka la pili, na hilo halionekani kwenye shiti yoyote.

Kuna udhaifu mmoja wa kuujua. Siku ambayo mzigo uliisha saa nne asubuhi inahesabiwa kama siku kamili, hivyo wastani unakuwa chini kidogo ya hali halisi. Kwa bidhaa inayoisha mara tatu kwa mwezi kasoro hiyo ni ndogo, tunaweza kuishi nayo.

Na kama duka halikuandika mzigo ulioingia? Basi tazama siku za mauzo sifuri, ila kwa akili. Bidhaa inayotoka nne kwa siku ikikaa siku mbili mfululizo bila kuuza, karibu hakika haikuwepo. Bidhaa inayotoka 0.7 kwa siku itakuwa na sifuri karibu nusu ya siku zote hata rafu ikiwa imejaa, kwa hiyo kwake sifuri haisemi kitu. Njia hii ya kukisia itumike kwa bidhaa za kasi pekee.

Sasa uamuzi. Aprili si Ramadhani, hivyo 4.7 isibebwe kwenda mbele. Tunachukua 4 kwa siku, kasi ya miezi ya kawaida. Mzigo kutoka Dar es Salaam kwa kawaida unafika siku 3 baada ya kuagizwa, na mara moja umechelewa hadi siku 6. Siku ya kawaida iliyouza sana ilitoka madumu 6. Kwa bidhaa ambayo kukosekana kwake kunamfukuza mteja, tunakinga hali mbaya zote mbili kwa pamoja: 6 mara 6 ni 36. Yakibaki madumu 36, yaani katoni 9 za madumu manne manne, oda inapigwa siku hiyo hiyo bila kusubiri mwisho wa wiki. Kila oda ni katoni 10, zinazotosha siku kumi.

Kanuni hii ni ya uangalifu mkubwa, na inakula mtaji. Mzigo ukifika kwa wakati, stoo itakuwa na madumu 64: yale 36, toa 12 yaliyouzwa kwa siku tatu, ongeza 40. Kwa bei ya kununulia ya shilingi 30,000, hiyo ni shilingi 1,920,000 zimelala kwenye bidhaa moja. Duka likiwa na uwezo huo, vizuri. Likiwa halina, bora kushusha alama ya kuagiza hadi madumu 24 huku ukijua kwamba mzigo ukichelewa siku zote sita, na mauzo yakipita wastani, utaishiwa. Kanuni hii isiwekwe kwa bidhaa zote 180, hapana mtaji utakaoivumilia.

Sabuni: ofa iliyouza sana na kupunguza faida

Sabuni ya unga ya gramu 500 inanunuliwa kwa 2,000 na kuuzwa 2,500. Tarehe 1 hadi 14 Februari iliuzwa 2,250, punguzo la asilimia 10. Kabla ya ofa zilitoka pakiti 10 kwa siku. Wakati wa ofa zikatoka 17. Mauzo kwa fedha yalipanda kutoka shilingi 25,000 kwa siku hadi 38,250, na hapo ndipo mwenye duka alipofurahi.

Punguzo la asilimia 10 halikuondoa asilimia 10 ya faida. Liliondoa nusu yake, kutoka 500 hadi 250 kwa pakiti. Kwa hiyo ili kubaki na faida ile ile ilibidi duka liuze mara mbili. Swali hili liulizwe kabla ya kubandika bango la ofa, na fomula yake ni fupi. Kwenye shiti nyingine, C ni bei ya kawaida, D ni ya kununulia, E ni ya ofa:

```
=(C2-D2)/(E2-D2)
```

Hapa inatoa 2, maana yake kutoka pakiti 10 ilipaswa kufika 20 kwa siku. Ikafika 17. Faida ya siku ilikuwa 4,250 badala ya 5,000.

Hasara haikuishia hapo. Tarehe 15 hadi 28 Februari, bei ikiwa imerudi 2,500, zilitoka pakiti 98 tu, saba kwa siku. Sabuni haiozi, watu waliweka akiba nyumbani wakati wa ofa, halafu hawakurudi hadi iishe. Machi kasi ilirudi kwenye 10 ile ile, yaani ofa haikuleta wateja wapya waliobaki. Februari nzima: pakiti 238 kwa faida ya 250 ni shilingi 59,500, pakiti 98 kwa faida ya 500 ni shilingi 49,000, jumla 108,500. Bila ofa, siku 28 kwa pakiti 10 zingeleta 140,000. Ofa imegharimu shilingi 31,500 kwenye bidhaa ambayo ingeuzika yenyewe. Ndiyo maana ofa ipimwe kwa siku zake pamoja na idadi ile ile ya siku baada yake. Ukiishia siku ya mwisho ya bango, kila ofa itaonekana nzuri.

VAT nayo iangaliwe. Kwenye hesabu hii bei zote mbili zina VAT ndani, kwa hiyo uwiano ule wa mara mbili ni sahihi. Kosa tunaloliogopa ni kuchanganya: bei ya kuuzia yenye VAT kutoka kwenye risiti za EFD, na bei ya kununulia isiyo na VAT kutoka kwenye ankara ya msambazaji. Tuseme ile 2,000 ilikuwa bila VAT. Bei ya 2,500 ukiigawa kwa 1.18 ni 2,119, hivyo faida halisi ni shilingi 119, siyo 500. Na bei ya ofa, 2,250, ukiigawa vivyo hivyo ni 1,907. Duka lingekuwa linauza chini ya bei ya kununulia kwa wiki mbili huku shiti ikionyesha faida. Andika juu ya kila kolamu ya bei: "na VAT" au "bila VAT". Ni neno dogo, ila linaokoa fedha.

Juisi: msimu uliokwisha na tarehe ya mwisho wa matumizi

Juisi ya lita 1 ilitoka pakiti 22 Januari, 20 Februari na 48 Machi. Miezi miwili ya kwanza ni 0.7 kwa siku. Machi ni 1.5. Aliyeongeza mauzo ni Ramadhani, na Ramadhani imekwisha. Stoo zipo pakiti 144, na mwisho wa matumizi ni tarehe 15 Juni, siku 76 kutoka leo.

Kwa kasi ya Machi zingetoka kama 118, na mtu angeona tatizo dogo. Kwa kasi ya kawaida zitatoka 53 na kubaki 91. Kwa bei ya kununulia ya 2,800, hizo ni shilingi 254,800 za kumwaga. Tena mteja anayesoma tarehe hanunui juisi iliyobakiza mwezi mmoja, kwa hiyo muda wa kuuza ni hadi katikati ya Mei, siku 45 tu.

Hapa ofa inafaa, na sababu ni tofauti na ile ya sabuni: fedha ya mzigo huu imeshatoka, na kisichouzwa kinapotea chote. Lakini kutoka 0.7 hadi 3.2 kwa siku, kasi inayohitajika kumaliza zote 144, punguzo la rafuni peke yake halitafika. Ugawe mzigo. Katoni 6 za pakiti 12 ziuzwe kwa bei ya kununulia kwa migahawa na watu wa kupika kwenye shughuli, wiki hii, wakati tarehe bado iko mbali. Zinarudisha shilingi 201,600. Pakiti 72 zinazobaki zishuke kutoka 3,500 hadi 3,000 na kuwekwa karibu na kaunta, zikihitaji kutoka 1.6 kwa siku. Ikifika tarehe 15 Aprili bila kuuza angalau 20, bei ishuke hadi 2,500 bila mjadala, kwa kuwa mjadala ndio unaopoteza wiki.

Ili kosa la Ramadhani lisijirudie, ongeza kolamu moja kwenye jedwali la Mauzo, iite Majira, na kila siku ipewe neno moja: Kawaida, Ramadhani, Ofa, Shule. Wastani wa kuagizia utoke kwenye siku za Kawaida pekee. Kulinganisha Machi na Machi ya mwaka uliopita hakusaidii, maana Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2024 ilianza karibu tarehe 12 Machi na kuingia Aprili; mwaka 2026 inaanza Februari. Linganisha Ramadhani na Ramadhani, popote ilipoangukia.

Shiti ya mwisho

Kutoka kwenye maelfu ya mistari inabaki shiti moja yenye mistari mitatu na kolamu tano: bidhaa, uamuzi, namba, tarehe ya kukagua, na jambo litakalobadilisha uamuzi. Mafuta: agiza yakibaki madumu 36, katoni 10 kila mara, kagua 30 Aprili, wastani wa siku zenye mzigo ukiwa chini ya 3.5, shusha alama hadi 30. Sabuni: hakuna ofa ya bei, ukaguzi 30 Aprili, fikiria upya msambazaji akikubali kulipa punguzo mwenyewe. Juisi: usiagize, katoni 6 kwa bei ya kununulia, 72 kwa 3,000, kagua 15 Aprili, chini ya 20, shusha hadi 2,500.

Kolamu ya tano ndiyo watu huiacha. Ijazwe leo, kabla matokeo hayajaonekana, na shiti ichapishwe na kubandikwa stoo, mahali anaposimama yule anayepiga simu ya kuagiza mzigo.